Taashira katika Hadithi Fupi: Kidani cha Maupassant

Taashira ni mbinu ambayo kwayo mwandishi hukitwika kitu cha kawaida, kama pete, mlango au mti, wazo kubwa kuliko kitu chenyewe. Kitu hicho hakiachi kuwa kitu. Pete ya hadithini huvaliwa, hupotea na huuzwa kama pete nyingine yoyote, lakini kila inapotajwa msomaji huona pia ahadi, ndoa au kifungo. Hapo ndipo taashira inapotengana na sitiari. Sitiari inaweza kuanza na kuisha katika sentensi moja: mtu anaitwa simba, wala hakuna simba anayetokea. Katika taashira kitu kipo kweli ndani ya kisa, kinashikwa kwa mkono, na matendo ya wahusika yanakizunguka.

Hadithi fupi huitegemea mbinu hii kwa sababu ya ufinyu wake. Mwandishi wa riwaya anaweza kutumia sura nzima kueleza tamaa ya mhusika ilivyoota na kukua. Mwandishi wa hadithi fupi ana kurasa chache tu, kwa hiyo hutafuta kitu kimoja kitakachobeba maelezo hayo bila yeye kuyatamka. Mfano unaoonyesha kazi hiyo waziwazi ni hadithi ya Mfaransa Guy de Maupassant iliyochapishwa katika gazeti moja la Paris tarehe 17 Februari 1884. Kiini chake ni kidani cha almasi.

Mathilde Loisel ni mke wa karani wa Wizara ya Elimu. Ni mzuri wa sura, na anaamini kwamba alizaliwa kwa ajili ya maisha ya fahari, hivyo nyumba yake ya hali ya chini humtia uchungu kila siku. Siku moja mumewe anamletea mwaliko wa dhifa kwa waziri. Mathilde analia kwamba hana nguo, na mume anampa faranga 400 alizokuwa amejiwekea anunue bunduki ya kuwindia ndege. Nguo ikipatikana, anasononeka tena kwa kukosa pambo la kuvaa. Anakwenda kuazima kwa rafiki yake tajiri, Bi Forestier, na kuchagua kidani cha almasi. Usiku wa dhifa anang'ara kuliko wanawake wote. Kurudi nyumbani, kidani hakipo shingoni.

Mume na mke wanakitafuta bila mafanikio. Mwishowe wananunua kingine kinachofanana nacho kwa faranga 36,000. Nusu ya fedha hizo ni urithi wa mume kutoka kwa baba yake, na nusu ya pili ni mikopo. Wanamwachisha kazi mtumishi, wanahamia chumba cha darini, na kwa miaka 10 wanalipa deni. Mathilde anafua, anabeba maji, anagombania bei sokoni, na uzuri wake unakwisha. Deni likiisha anakutana na Bi Forestier na kumweleza yote. Bi Forestier anashtuka: kidani chake kilikuwa cha bandia, hakikuzidi thamani ya faranga 500.

Msomaji anajuaje kwamba kidani hiki ni taashira, si pambo tu lililopotea? Dalili ya kwanza ni kujirudia. Kitu chenye uzito wa taashira hakipiti mara moja na kusahauliwa. Kidani kinachaguliwa, kinavaliwa, kinapotea, kinatafutwa, kinanunuliwa upya, kinarudishwa, na mwishoni kinatajwa tena. Dalili ya pili ni mahali kinapotokea. Kila njia panda ya kisa hiki imejengwa juu ya kidani: kupatikana kwake kunamfungulia Mathilde usiku wa fahari, kupotea kwake kunaleta umaskini, na ukweli kukihusu unaigeuza maana ya yote yaliyotangulia. Dalili ya tatu ni uzito wake moyoni mwa mhusika. Mathilde anapokiona ndani ya kibweta cha atlasi nyeusi, moyo unamwenda mbio na mikono inamtetemeka. Mtu hatetemeki hivyo kwa ajili ya pambo tu. Kuna jambo jingine analoliona mle ndani.

Jambo hilo hupatikana kwa kufuata kitu hatua kwa hatua, na hapa vioo viwili vinasaidia. Mathilde anajitazama kiooni kwa Bi Forestier anapojaribu mapambo, na ni kidani kinachomfanya ajione kuwa yule mwanamke aliyetamani kuwa. Baada ya dhifa, akiwa nyumbani, anavua nguo za kujitanda mbele ya kioo ili ajione mara moja zaidi katika utukufu wake, na hapo ndipo anapogundua kwamba shingo i tupu. Kidani kinapatikana mbele ya kioo na kukosekana mbele ya kioo. Kwa hiyo kimefungamana na sura ambayo mtu anataka kuonekana nayo, zaidi ya utajiri wenyewe.

Kibweta nacho kina habari. Katika kutafuta kidani kinachofanana, mume na mke wanakwenda kwa sonara ambaye jina lake limeandikwa ndani ya kibweta. Sonara anaangalia vitabu vyake na kusema kwamba hakuuza kidani hicho, labda alitoa kibweta tu. Hapo ukweli wote umekwisha kuwekwa mezani: kibweta kimetoka duka moja, kilichomo kimetoka kwingine. Mathilde na mumewe hawaushughulishi moyo wao na jambo hilo. Baadaye Mathilde anaporudisha kidani cha almasi halisi, anaogopa kwamba rafiki yake atakikagua na kugundua kimebadilishwa, lakini Bi Forestier hakifungui kibweta. Aliyekuwa na cha bandia hakusema, aliyeleta cha kweli hakuulizwa, na kila mmoja aliridhika na ganda la nje.

Kutokana na ushahidi huo, wazo linalobebwa na kidani linaweza kutajwa kwa sentensi moja: thamani ambayo mtu huipata machoni pa watu tu haina uhakika, na anaweza kuilipia kwa maisha yake bila kuichunguza. Kidani kinafaa wazo hili kwa umbile lake. Ni kitu cha kuazima, huvaliwa palipo na macho ya watu, na ubandia wake hauonekani kwa mbali. Almasi ya kweli ingempa Mathilde usiku uleule aliopewa na kidani cha bandia. Tofauti ilijitokeza kwenye bei peke yake.

Si kila kitu katika hadithi ni taashira. Ile bunduki ambayo mume aliiacha ili mkewe apate nguo inatajwa mara moja na haionekani tena. Inatuonyesha kwamba mume anajinyima na mke hajali, na hiyo ni kazi kubwa ya kuchora wahusika, lakini inaishia hapo. Kipimo chepesi ni kubadilisha kitu na kuangalia kama hadithi itasimama. Fedha za bunduki zikiwa za baiskeli, hakuna kitakachoharibika. Kidani kikiwa kitabu au mbuzi, hadithi inaanguka, kwa kuwa hakuna anayevaa kitabu ili apendeze, wala mbuzi hawi wa bandia.

Wakati mwingine mwandishi humpa msomaji fununu mapema kwa kukiweka kitu katika anwani. Katika "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed, hadithi inayojulikana sana kwa wanafunzi wa sekondari nchini Kenya, jitu linakula chakula chote cha mkahawa, na ulaji huo unaashiria uroho wa wanaotaka kumeza ardhi ya wakazi maskini wa Madongoporomoka. Anwani imekwisha kumwambia msomaji aliangalie tumbo. Hata hivyo kazi ya uchambuzi inabaki palepale, yaani kuonyesha ni wapi katika matendo ya hadithi ulaji na unyang'anyi vinakutana.

Kuandika kuhusu taashira kunahitaji mambo matatu kwa mpangilio: kauli, ushahidi na ufafanuzi. Kauli hutaja kitu na wazo lake kwa ukamilifu. Kuandika kwamba kidani ni ishara ya utajiri hakutoshi, maana neno moja halielezi hadithi inasema nini kuhusu utajiri huo, tena kidani chenyewe hakikuwa cha kitajiri. Ushahidi ni tukio au maelezo mahususi kutoka hadithini, si muhtasari wa kisa kizima. Ufafanuzi huunganisha viwili hivyo, na ndiyo sehemu ambayo waandishi wengi huiruka. Aya iliyokamilika inaweza kuwa hivi:

"Kidani kinaashiria hadhi ya kuazima ambayo Mathilde anaidhania kuwa yake. Baada ya dhifa mumewe anamtupia mabegani nguo za kawaida za kujikinga na baridi, naye anaharakisha kutoka ili wanawake waliovaa manyoya ya thamani wasimwone. Nguo hizo ni mali yake halali lakini anazionea haya, ilhali kidani anachojivunia ni cha mtu mwingine. Kupotea kwa kidani usiku uleule kunaonyesha kwamba hadhi ya namna hiyo haidumu hata mpaka asubuhi, ingawa gharama yake itadumu miaka 10."

Aya hii inaanza na kauli, inachagua tukio moja dogo, kisha inaeleza kwa nini tukio hilo linathibitisha kauli. Haikurudia kisa kwa sababu msomaji wa uchambuzi amekwisha kukisoma. Vilevile imetumia kitenzi "kinaashiria" kwa kidani peke yake. Nguo za baridi zimeachwa kuwa nguo, zikisaidia kwa kuonyesha kinyume cha kidani.

Kosa linaloharibu uchambuzi mara nyingi ni kuleta maana kutoka nje. Mwandishi anakariri kwamba nyeupe ni usafi, nyeusi ni mauti na maji ni uhai, kisha anazibandika maana hizo popote rangi au maji yanapotajwa. Kibweta cha Bi Forestier ni cheusi, lakini hakuna kifo katika hadithi hii, na weusi huo unafanya kazi ya kuyafanya mawe yang'ae. Maana zilizozoeleka katika jamii zinaweza kutumika pale tu matendo ya hadithi yanapoziunga mkono. Kosa jingine ni kufunga mjadala kwa maana moja. Wako wanaokiona kidani kama ishara ya ukosefu wa uwazi kati ya marafiki, kwa sababu neno moja la kweli siku kilipopotea lingeokoa miaka 10. Usomaji huo unakubalika, kwani nao una tukio la kuutetea.

Anayetaka kujua kama tafsiri yake imesimama aiweke kando kauli yake na kurejea hadithini, akitafuta matukio yasiyopungua mawili yanayoiunga mkono na moja linaloweza kuipinga. Kauli ikihimili lile la kuipinga, iandikwe. Ikishindwa, irekebishwe ifuate hadithi.