Mbavu Zilizofichwa Darini

Je, wajua kwa nini vyumba vingi vya nyumba za kale za Mji Mkongwe ni virefu lakini vyembamba? Tazama juu. Boriti za mikoko zimepangwa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake yamelazwa mawe na chokaa. Kwa mzigo huo, boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi, basi ukuta wa pili ulijengwa pale mti ulipoishia. Mwenye mali aliweza kukirefusha chumba atakavyo, kukipanua, hapana.

Leo anayejenga ghorofa Matemwe, upande ule unaotazama Mnemba, anataka ukumbi wa upana wa mita 6 usio na nguzo katikati. Slabu ya zege tupu inaweza kuvuka hapo, lakini itahitaji unene wa sentimita 25 hivi, na kila mita ya mraba itakuwa na uzito wa kilo 600 kabla hata ya kuweka kitanda. Sehemu kubwa ya nguvu yake inakwenda kujibeba yenyewe.

Sakafu ikielemewa hupinda kidogo: upande wa juu hubanwa, wa chini huvutwa. Zege ni hodari wa kubanwa, ila likivutwa hupasuka, na kazi ya kuvutwa hufanywa na nondo. Kwa hiyo zege la chini, katikati ya chumba, lipo karibu bure, isipokuwa lile linaloshika nondo na kuziunganisha na zege la juu. Basi liondoe. Panga safu za matofali ya matundu yenye upana wa sentimita 40 na kimo cha 20, acha mwanya wa sentimita 12 na nusu kati ya safu na safu, laza nondo kwenye mwanya, kisha mwaga zege lijaze mwanya na kufunika matofali kwa sentimita 5. Mianya hiyo ndiyo mbavu. Unene ni uleule wa 25, uzito umeshuka hadi kilo 400 hivi. Ukitumia viunzi vinavyotolewa baada ya zege kukomaa, badala ya matofali, unapata slabu ya mbavu wazi, nyepesi zaidi, lakini dari yake ina mifereji.

Karibu na ukuta au bimu matofali hukomeshwa na zege humwagwa zima. Hapo mkato ni mkubwa, na sakafu inayoendelea hadi chumba cha pili hubanwa chini badala ya juu. Fundi anayesukuma matofali hadi ukingoni ili kuokoa saruji anaiba pasipoibika.

Kwa chini, slabu ya matofali huwa bapa na inapigwa plasta moja kwa moja. Lakini tofali hunywa maji kuliko zege, na plasta hukauka kwa mwendo tofauti juu ya kila kimoja. Baada ya misimu michache utaona mistari iliyonyooka darini, kila nusu mita: mbavu zimejichora. Kulowesha matofali, kurushia tabaka la saruji la kukwaruza na kutandika wavu kwenye maungio hupunguza tatizo. Mwenye mbavu wazi ama azionyeshe kama boriti za babu, ama ashushe dari ya gipsamu.

Gonga dari kwa kifundo cha kidole. Mlio wa mtungi ni tofali, mlio mzito ni ubavu. Ndoano ya feni iwe kwenye ubavu, tena iwekwe kabla ya kumwaga; skrubu iliyokazwa kwenye ganda la tofali hulegea kwa mtikisiko.

Bomba ndilo linalotia watu hasara. Bomba la choo la inchi 4 lina upana wa karibu sentimita 11. Likipitishwa ndani ya ubavu wa 12 na nusu, ubavu umekwisha. Lipite penye tofali. Kulilaza ndani ya zege la sentimita 5 haiwezekani, na kila mita 2 linahitaji mteremko wa kama sentimita 5. Ama lining'inie chini na kufichwa kwa dari, ama sakafu ya bafu imwagwe zege zima, ikiwa imeshushwa.

Bafu likivuja juu ya matofali, maji huingia kwenye matundu na kutembea safu nzima. Doa hutokea chumba cha pili, fundi bomba akatafuta pasipo. Matemwe kuna chumvi hewani pia, na unyevu huo ukikaa kando ya nondo zilizofunikwa kidogo, kutu hupasua ubavu kutoka ndani.

Kwa hiyo, siku moja kabla ya kumwaga, panda juu na futi, pima kila ubavu uko umbali gani kutoka ukutani, na upige picha. Kesho yake hutaziona mbavu tena.