Orodha moja, simu nne: namna ya kununua vitu vya nyumba kabla boti haijaondoka

Kama uko Faza au Kizingitini, unajua kwamba kusahau kitu sokoni si jambo dogo. Huwezi kurudi dukani baada ya dakika tano. Boti za kwenda Pate hupitia Mkanda, na Mkanda ni mpaka maji yajae. Kama aliye Amu mjini amesahau maziwa ya mtoto na boti imeng'oa nanga, basi ni kungoja ya kesho.

Wateja wengi hutumia kundi la WhatsApp kuagiza vitu. Inafaa kwa salamu, lakini kwa soko ina shida moja: ujumbe wa "niletee sukari" unafunikwa na picha za harusi, na hakuna anayejua kama sukari imeshanunuliwa. Orodha ya pamoja ni tofauti. Ni karatasi moja inayoonekana kwenye simu zote. Mmoja akiandika, wote wanaona. Mmoja akiweka tiki, wote wanajua kimepatikana.

Leo tutatumia Google Keep, kwa sababu ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye simu za Android za bei nafuu. Zipo nyingine kama Bring! na Microsoft To Do, na mambo tutakayosema hapa yanazihusu pia.

Kuianzisha

Mtu mmoja afungue Keep, aanze orodha mpya yenye visanduku vya tiki na aipe jina. Kisha abonyeze menyu, achague `Collaborator`, aandike anwani ya barua pepe ya Google ya kila mtu wa nyumbani na ahifadhi. Ni ile anwani iliyotumika kuifungulia simu duka la programu. Chagua mwenye orodha kwa makini, kwani yeye akiifuta, inafutika kwa wote.

Mwenye kabambe hajaachwa nje. Atume meseji kwa mtu mmoja aliyekubaliwa, na huyo ndiye atakayemwandikia. Wasiwe wawili, au kitu kitaandikwa mara mbili.

Nyumba ya mfano

Tuchukue nyumba moja ya Faza. Bibi na mkaza mwana wako nyumbani. Kijana anafanya kazi Amu na ndiye anayekwenda sokoni. Baba yuko Mombasa na ndiye anayetuma hela. Simu nne, orodha moja.

Jumanne jioni orodha ina vitu 7. Bei ni za mfano tu: unga wa ngano pakiti 3 (shilingi 540), sukari kilo 2 (320), mafuta ya kupikia lita 2 (600), tungule kilo 2 (240), vitunguu maji kilo 2 (200), majani ya chai (100), na nyanya kilo 2 (240). Jumla 2,240.

Umeona kosa? Bibi ameandika tungule, na baba wa Mombasa, aliyetaka kusaidia, ameandika nyanya. Ni kitu kimoja. Programu haijui hilo, na kijana akiwa na haraka atanunua kilo 4, nusu zioze. Kwa hivyo kubalianeni jina moja kwa kila kitu, na kabla ya kuongeza, soma orodha kwanza kutoka juu mpaka chini. Andika na kipimo. "Mchele" peke yake haumwambii mnunuzi kitu. "Mchele kilo 5" unamwambia. Kama nyumba yenu bado mnahesabu kwa vibaba na pishi, hakikisha anayenunua naye anahesabu hivyo hivyo.

Nyanya inafutwa. Vinabaki vitu 6, shilingi 2,000.

Kitu kilichobaki kwenye simu

Hapa ndipo nyumba nyingi huumia. Saa kumi jioni mkaza mwana aliongeza "maziwa ya unga ya mtoto, kopo 1". Kwenye simu yake yanaonekana vizuri kabisa. Lakini bando lake lilikuwa limeisha. Keep inakubali kuandika bila intaneti, ila kilichoandikwa kinabaki kwenye simu hiyo mpaka intaneti irudi. Kijana hajayaona. Mkaza mwana anaamini ameshaagiza.

Dawa yake ni kuhesabu. Wekeni saa ya kufunga, na iandikeni kwenye jina la orodha: "Jumatano, mwisho saa 2 usiku". Saa hiyo ikifika, kila mmoja atume meseji ya kawaida yenye namba moja tu, idadi ya vitu anavyoviona. Meseji haihitaji bando. Bibi 6, baba 6, kijana 6, mkaza mwana 7. Namba zikitofautiana, msibahatishe nani yuko sawa, kwa sababu simu isiyo na intaneti huenda pia haijaona kilichofutwa. Pigeni simu, msomeane. Maziwa yanaingia, shilingi 850, na jumla inakuwa 2,850.

Kitu kikija baada ya saa 2, kiende kwenye orodha ya safari ijayo. Kama ni cha lazima, kama dawa, usikiongeze kimyakimya. Piga simu.

Hela zitumwe mara moja

Baba asitume chochote kabla orodha haijafungwa. Akituma 2,000, halafu 850, analipa ada mara mbili. Angalia jedwali la ada kwenye menyu yako kabla ya kutuma. Kijana naye, duka likiwa na namba ya malipo, alipe moja kwa moja badala ya kutoa pesa kwa wakala na kukatwa ada ya kutoa.

Tiki iwekwe kitu kikiwa mkononi, si ukifika nyumbani. Ndani ya majumba ya mawe ya Amu, yenye kuta nene, mtandao hupotea, na tiki nayo inangoja. Kwa hivyo kama wanunuzi ni wawili, msitegemee tiki kuwazuia kununua kitu kimoja. Gawaneni tangu mwanzo, kila kitu kiwe na jina la anayekinunua mbele yake.

Ukilipa, andika bei halisi kando: "sukari kilo 2, 310". Jioni baba ataona hela ziliendaje. Lakini kumbuka, tiki si risiti. Ushahidi wa malipo ni meseji ya uthibitisho kutoka kwetu, basi usiifute.

Yasiyoandikwa kwenye orodha

Usiandike namba yako ya siri wala namba ya kitambulisho. Yeyote atakayeishika simu moja kati ya hizo nne ataisoma orodha nzima. Simu ikipotea, ingia kwenye `Collaborator` na uiondoe anwani yake siku hiyo hiyo.

Na ukipata meseji ya "bei imepanda, ongeza 500 tuma kwa namba hii", usitume. Mpigie kijana kwa namba yake unayoijua, usikie sauti yake. Ukituma, soma jina linalotokea kabla ya kukubali. Kama si lake, sitisha.

Jumatano asubuhi kijana ana vitu 7 na tiki 7. Anaviteremsha gatini, maji yanajaa, na kopo la maziwa limo ndani ya kikapu.