Kamera Inapotapatapa Gizani

Ukumbi umejaa. MC anatangaza kwamba maharusi wako mlangoni, taa kubwa zinazimwa, zinabaki zile za zambarau zinazozunguka ukutani, na muziki unafunguliwa. Mpiga picha anainua kamera na kubonyeza kitufe nusu. Ndani ya kitazamio sura za maharusi zinaonekana, zinayeyuka kuwa ukungu, zinakaribia kuwa safi, kisha zinayeyuka tena. Lenzi inakwenda mbele, inarudi nyuma, inakwenda tena. Kisanduku kinapogeuka kijani, maharusi wameshampita.

Wengi huilaumu kamera hapo hapo, hasa kama ni mpya na imenunuliwa kwa fedha nyingi. Lakini kamera hiyo hiyo mchana ule, nje ya msikiti au kanisa, ilishika macho ya bibi harusi kabla mpiga picha hajapumua. Kilichobadilika ni mwanga, na pamoja nao mambo mawili matatu ambayo yamo kwenye menyu.

Kamera zisizo na kioo ndani hutumia kihisi kile kile kinachopiga picha kupimia umbali. Zile za zamani zenye kioo zilikuwa na kihisi kingine kidogo cha fokasi, kilichojificha chini ya kioo. Kwenye hizi mpya kazi zote mbili zinafanywa mahali pamoja, na baadhi ya pikseli, au zote, zimetengenezwa ili ziweze kutazama kupitia upande wa kushoto wa lenzi na upande wa kulia kwa zamu yake.

Msomaji anaweza kulijaribu jambo hili bila kamera. Ainue kidole mbele ya pua, afumbe jicho la kushoto, kisha la kulia. Kidole kinaruka upande huu na upande ule. Kikiwa karibu kinaruka sana, kikiwa mbali kinaruka kidogo. Kamera inafanya hesabu ya namna hiyo. Inalinganisha picha ya kushoto na ya kulia, inaona zimepishana kiasi gani na kwa upande upi, na kutokana na hapo inajua lenzi isogee wapi na kwa umbali gani. Ndiyo maana mchana lenzi hutoka mara moja na kutua.

Ili kulinganisha picha mbili, lazima pawe na kitu cha kulinganisha: mstari, ukingo, pindo la nguo, kope. Gizani kila pikseli inapata mwanga kidogo mno, na picha inajaa chenga kama televisheni ya zamani yenye antena mbovu. Chenga za kushoto hazifanani na chenga za kulia. Kamera inaposhindwa kujua ipi ni kope na ipi ni chenga, hesabu inakataa, nayo inageukia njia ya zamani: kusogeza lenzi na kuangalia kama utofauti wa giza na mwanga unaongezeka au unapungua. Njia hii haijui upande. Ili ijue kwamba imefika kileleni, inabidi ikipite kilele, ione picha imeanza kufifia, kisha irudi. Huko kwenda na kurudi ndiko mpiga picha anakokuona kwenye kitazamio.

Lipo na tatizo la muda. Gizani kamera hukusanya mwanga kwa muda mrefu zaidi kwa kila picha inayoipeleka kwenye kitazamio, na mtu akizungusha kamera haraka ataona picha inavyoburutika. Lenzi inasogea leo, habari za mahali ilipofika zinakuja kesho, na wakati huo anayepigwa picha ameshapiga hatua nyingine.

Sasa zile namba za kwenye boksi. Watengenezaji hupima uwezo wa fokasi kwa kipimo kiitwacho EV: kila kinaposhuka kwa 1, mwanga umepungua nusu. Sony Alpha 7 III, iliyotoka mwaka 2018 na bado iko mikononi mwa wapiga picha wengi wa harusi, imeandikiwa EV -3. Ukumbi ambao picha yake inahitaji f/2.8, sekunde 1/125 na ISO 6400 una mwanga wa karibu EV 4. Kwa maandishi, basi, kamera ina akiba ya hatua saba nzima. Kwa nini itapetape?

Jibu liko kwenye maandishi madogo: kipimo hicho ni cha lenzi ya f/2. Mpiga picha wetu amefunga zuumu ya kawaida, ambayo ikivutwa mwisho hufunguka f/5.6 tu. Tundu hilo linaingiza mwanga mara nane pungufu ya f/2, yaani hatua tatu, na kwa hesabu ya haraka mpaka wa -3 umepanda hadi karibu 0. Halafu EV 4 ni ya ukumbi kwa ujumla. Uso wa bwana harusi aliyeinamisha kichwa, taa ikiwa nyuma yake, unaweza kuwa chini kwa hatua mbili au tatu. Amevaa kanzu nyeupe isiyo na mstari wowote, na taa za zambarau zinaziacha karibu tupu pikseli za kijani, ambazo kwenye kihisi cha kawaida ni nusu ya pikseli zote. Akiba imekwisha kabla hajaingia ukumbini.

Dawa ya kwanza, kwa hiyo, ni lenzi. Ya mm 50 yenye f/1.8, ambayo kwa kampuni nyingi ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu, inaingiza mwanga karibu mara kumi ya ile zuumu ya f/5.6. Lakini isifungwe f/5.6 kwenye menyu kisha itegemewe kufanya miujiza. Kamera nyingine hufungua tundu lote wakati wa kufokasi na kulifunga picha inapopigwa. Nyingine hufokasi tundu likiwa limeshafungwa kwa kiasi ambacho mpiga picha amechagua, au karibu na hapo. Kuitambua yako ni rahisi: tazama ndani ya lenzi kutoka mbele huku ukibonyeza kitufe nusu, kwanza ukiwa f/1.8, kisha f/8. Kama tundu linabaki dogo, kamera yako inatafuta fokasi kupitia tundu dogo hilo.

Baada ya lenzi, hali ya fokasi. Kwa mtu aliyetulia, AF-S, ambayo Canon huiita One-Shot AF, ndiyo ya kuanzia nayo gizani. Kamera inatafuta mara moja, inapata, inafunga. Kamera nyingi katika hali hii humalizia kwa kuhakiki utofauti wa giza na mwanga, kwa hiyo zinachelewa kidogo lakini hutua mahali sahihi. Baadhi ya kamera za Nikon za mfululizo wa Z zina kipengele kiitwacho Low-light AF, ambacho huipa kamera muda zaidi wa kukusanya mwanga kabla ya kuamua, nacho kimefungwa kwenye AF-S peke yake. Hata kitaa cha msaada kilicho mbele ya kamera kwa kawaida huwaka katika hali hiyo tu. Kitaa hicho hufika mita chache, na kikiwaka usoni mwa mtu anayesoma dua, wageni wote watajua mpiga picha yuko wapi.

AF-C, au Servo AF, haifungi. Inaendelea kupima kila mara kwa sababu imeambiwa kwamba kitu kinasogea, na mwanga ukiwa hafifu kila kipimo kipya ni nafasi nyingine ya kukosea. Hata hivyo kwa maharusi wanaotembea au wanaocheza hakuna budi kuitumia. Fokasi iliyofungwa kwa mtu aliye mita tatu haimfai akishafika mita mbili na nusu. Hapo kinachosaidia ni kupunguza kazi ya kamera kwa kuchagua eneo.

Eneo pana linaloachia kamera ichague lenyewe huifanya irukie taa ya ukutani au puto la dhahabu nyuma ya maharusi, kwa kuwa huko ndiko kwenye utofauti mkubwa. Nukta ndogo kabisa nayo ina hasara yake, kwani huangukia shavu laini lisilo na mstari. Nukta moja ya ukubwa wa kati, iliyowekwa kwa makusudi penye ukingo, ndiyo inayofanya kazi: darizi la kofia, ukosi wa koti, mstari wa nywele na paji la uso, hina ya mikononi ikiwa mikono iko usawa mmoja na uso.

Tena mstari wenyewe una mwelekeo. Kwenye kamera nyingi picha mbili zinazolinganishwa ni za kushoto na kulia, kwa hiyo mistari iliyosimama huonekana vizuri na iliyolala haionekani sana. Pindo la shela lililolala sawasawa linaweza kuitesa kamera iliyoshikwa kwa ulalo, na ikigeuzwa wima ikalishika papo hapo. Wapo waliopiga picha miaka kumi bila kulijua hili.

Kisanduku cha jicho kinawadanganya wengi. Kutambua kwamba hili ni jicho ni kazi moja, kupima jicho liko umbali gani ni kazi nyingine, na gizani ya kwanza inaweza kufanikiwa huku ya pili ikishindwa. Mpiga picha akirudi nyumbani akakuta sura ina ukungu, aikuze picha na kuangalia kwingine. Kama sikio au mgeni aliye nyuma ni safi, fokasi ilikosea. Kama hakuna kitu safi, na vimulimuli vya gauni vimevutwa kuwa vistari, fokasi haina kosa. Shata ilikuwa polepole, na menyu ya fokasi haitamsaidia.

Anayetumia fleshi ana mtego wake. Akiweka f/5.6, 1/125 na ISO 400 akitegemea fleshi, kitazamio kinachoonyesha picha itakavyotoka kinakuwa cheusi, kwa sababu hakijui kwamba fleshi itawaka. Kuzima onyesho hilo la mwanga kwenye menyu hurudisha picha angavu machoni pake. Na ile fleshi ya zamani inayomulika vimistari vyekundu kusaidia fokasi, kamera nyingi zisizo na kioo hazivitumii.

Lipo giza ambalo mipangilio yote hii haitoshi, nalo ndilo la lango la ukumbi. Wazoefu hawasubiri kisanduku cha kijani. Taa zikiwa bado zinawaka, wanafokasi kwenye mshono wa zulia mita tatu mbele yao, wanahamia MF, na hawaigusi lenzi tena. Kwa mm 35 na f/2.8 kwenye kihisi kikubwa, kila kilicho kati ya mita 2.5 na 3.8 hivi kitatoka safi. Kwa mm 50 na f/1.8, nafasi hiyo ni kama sentimita 40 tu, chini ya hatua moja ya mtu. Basi wanachagua 35, wanaweka fleshi tayari, na wanalitazama zulia mpaka kiatu cha bwana harusi kiukanyage ule mshono.