Feza inaingia kila mwezi, kiwango ni cha mwaka: tuhesabu namna gani?



Koperative moja ya wakulima wa mihogo na mahindi katika uwanda wa Ruzizi ilitaka kununua mashini ya kusaga. Bei yake ni dola 2180, kufika Uvira. Kisha kutosha mazuti, mshahara wa mwenye kusaga na matengenezo, komite iliona mashini itaacha dola 110 kila mwisho wa mwezi, kwa muda wa miaka miwili. Kisha hapo wanaihesabu kuwa imechoka, hata kama fundi ataweza kuifufua tena.

Ukijumlisha tu, 110 mara 24 ni 2640. Inapita 2180, watu wanapiga makofi. Lakini dola ya mwezi wa 24 haiko sawa na dola ya leo. Wanamemba hao wako na kikundi cha AVEC, na kila mwaka wakati wa kugawana, mwenye kuweka 100 anarudishiwa 120. Kwa hiyo feza yote wanayotosha kwa ajili ya mashini wanaipima na kipimo hicho: kama mashini haizai 20% kwa mwaka, heri feza ibaki ndani ya sanduku la kikundi. Hiyo 20% njo kiwango chao cha punguzo. Inatuonyesha feza itakayokuja kesho iko na thamani gani leo.

Tatizo likaanzia hapo. Kiwango ni cha mwaka, lakini feza ya mashini inaingia kila mwezi. Watu watatu wa komite walihesabu, na kila mtu alikuja na jibu lake.

Wa kwanza, sekretere, alikusanya miezi 12 pamoja. 110 mara 12 ni 1320. Alichukua 1320 ya mwaka wa kwanza akaigawa kwa 1,20, na 1320 ya mwaka wa pili akaigawa kwa 1,44 (ni 1,20 mara 1,20). Alipata 1100 na 917, jumla 2017. Mashini inaomba 2180, basi akasema tuache. Kosa lake ni kufanya kama feza yote ya mwaka inaingia siku moja tu, mwisho wa mwezi wa 12. Dola 110 za mwezi wa kwanza zinangoja miezi 11 bure katika hesabu yake, wakati katika maisha ya kweli zimekwisha kuingia mkononi na zinaweza kukopeshwa.

Wa pili, prezida, aliona kosa hilo. Akasema: mwaka uko na miezi 12, basi 20 gawa kwa 12, ni 1,67% kwa mwezi. Akapunguza kila mwezi kwa kiwango hicho na akapata 2161. Yeye pia akasema tuache, inakosa dola 19.

Mama mweka hazina njo aliuliza swali lililofungua mambo. «Papa prezida, hiyo 1,67 yako, ukiiweka miezi 12, inarudi 20 kweli?»

Hesabu mwenyewe. Weka 100. Kisha mwezi moja inakuwa 101,67. Mwezi wa pili, 1,67% haihesabiwi juu ya 100 tena, inahesabiwa juu ya 101,67. Kila mwezi faida ya mwezi uliopita nayo inazaa. Ukifika mwezi wa 12 uko na 121,94, si 120. Maana yake prezida aliiomba mashini izae karibu 22% kwa mwaka, wakati sanduku la kikundi lenyewe linatoa 20 tu. Alipima mashini na kilo iliyo nzito kuliko ya wengine.

Kiwango cha mwezi tunachotafuta ni kile ambacho, ukizidisha nacho mara 12, kinafikisha 100 kwenye 120 sawasawa. Hakigawanywi kwa 12. Ni mzizi wa 12 wa 1,20. Kama uko na telefone yenye mashini ya kuhesabu, igeuze ilale upande, alama nyingi zitaonekana, kisha andika hivi (kwenye telefone nyingi koma inaandikwa kama nukta):

```
1.2^(1/12)
```

Inakupa 1,01531 na namba nyingine nyuma. Ondoa ile 1, inabaki 0,01531, ni kusema 1,531% kwa mwezi.

Wengi wetu tuko na kalkileta ndogo ya sokoni tu, isiyo na alama hizo. Haizuii kitu. Unajaribu namba, kisha unaihakikisha. Chukua 1,0153. Izidishe kwa yenyewe mara tatu: 1,0153 × 1,0153 × 1,0153 ni 1,0466. Hiyo ni miezi 3. Zidisha 1,0466 kwa 1,0466, unapata 1,0954, ni miezi 6. Zidisha 1,0954 kwa 1,0954, unapata 1,1999, ni mwaka mzima. Karibu kabisa na 1,20. Kama ungejaribu 1,015, ungefika 1,1956, iko chini. Na 1,016 ingekufikisha 1,2098, iko juu. Unaenda unasogea katikati mpaka mwaka ukae vizuri. Njia hiyo ya tatu, sita, kumi na mbili inafaa kwa kiwango chochote, wala hauhitaji shule kubwa.

Sasa turudie mashini na 1,531%. Dola 110 za mwezi wa kwanza unazigawa mara moja kwa 1,01531: zinabaki 108,34 kwa thamani ya leo. Za mwezi wa pili unazigawa mara mbili: 106,71. Za mwezi wa tatu mara tatu: 105,10. Unaendelea hivyo mistari 24 ndani ya kaye. Kuko mahali pawili pa kujihakikishia kwamba haukupotea njiani. Mstari wa 12 lazima uwe 110 gawa kwa 1,20, ni 91,67. Mstari wa 24 lazima uwe 110 gawa kwa 1,44, ni 76,39. Kama mstari wa 12 unakupa 90,21, basi umegawa 20 kwa 12 kama prezida. Mimi mwenyewe nikipokea hesabu za koperative, mstari wa 12 ndio ninaangalia mbele ya yote.

Jumla ya mistari yote 24 ni 2195. Na kwa sababu feza ni ileile kila mwezi, unaweza kufupisha:

```
110 × (1 − 1/1.44) / 0.01531
```

Jibu ni lilelile, 2195. Kama mapato yanapanda na kushuka, kwa mfano mashini inasaga sana kisha mavuno na inalala wakati wa njaa, ufupisho huo haufai. Rudia mistari ndani ya kaye, kila mwezi na namba yake, ukitumia 1,01531 ileile.

Basi 2195 inapita 2180 kwa dola 15. Ni kidogo, lakini iko juu: mashini inazaa 20% ya sanduku, na tena dola 15 za leo. Watu wawili walisema hapana kwa sababu ya namna ya kuhesabu tu.

Lakini mweka hazina hakukimbilia kutoa feza. Hesabu hii inasema kwamba unalipa leo na 110 ya kwanza inaingia mwisho wa mwezi huu. Mashini yenyewe inatoka Dar es Salaam, inapita Kigoma, inavuka ziwa mpaka Kalundu, kisha inangoja duane. Ikichelewa mwezi moja, mapato yote 24 yanasogea mwezi moja nyuma. Gawa 2195 kwa 1,01531 mara moja tena: inakuwa 2162. Tayari iko chini ya 2180! Mwezi moja wa kungoja unakula karibu dola 33, na sisi tulikuwa na 15 tu.

Kwa hiyo mama huyo alirudi kwa muuzaji na namba mkononi. Aliomba kulipa theluthi moja, dola 727, wakati wa kuagiza, na 1453 siku mashini inafika Kalundu. Kama inafika kisha mwezi moja, 1453 hiyo iko na thamani ya 1431 leo. Ukijumlisha na 727 unapata 2158. Mapato yaliyochelewa ni 2162. Inapita kwa dola 4, si faida ya kuchezea ngoma, lakini koperative haipotezi kwa sababu ya meli. Nusu kwa nusu haingetosha: ingekuwa 2164.

Kuko hali moja ambamo mzizi wa 12 hautumiki, na inadanganya watu wengi. Ni wakati feza si yenu, ni ya mkopo. Mkataba wa koopeki unaweza kuandika «24% kwa mwaka», lakini soma chini: faida inahesabiwa 2% kila mwezi juu ya deni linalobaki. Hapo kiwango cha mwezi kimekwisha kutolewa, ni 2%. Usitafute mzizi wa 1,24, utapata 1,81% na utajidanganya kwamba deni ni jepesi. Kwa kweli 2% kila mwezi, ukiifanyia ile tatu, sita, kumi na mbili, inafika 26,8% kwa mwaka. Ile 24 iliyoandikwa ni 2 mara 12 tu. Kwa hiyo mbele ya kuanza, uliza namba ya mwaka ilitoka wapi. Kama ni «100 yangu ilirudi 120 kisha mwaka», tafuta mzizi. Kama ni kiwango cha mwezi kilichozidishwa kwa 12, kigawe kwa 12 na utarudi pale kilipotoka.

Na ile mashini yetu, kwa 2% kwa mwezi, dola 110 za miezi 24 ziko na thamani ya 2081 leo. Kwa feza ya sanduku na mapato yanayoanza mwezi huu, inanunuliwa. Kwa mkopo huo inakosa dola 99, hata kama ingefika Uvira kesho asubuhi.