Faili Kubwa, Masikio Yaleyale

Muziki wa kwenye CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Viwango hivyo viliwekwa na kampuni za Philips na Sony mwaka 1980. Faili za sauti zinazouzwa leo zikiwa na nembo ya Hi-Res hupita hapo: aghalabu hupimwa mara 96,000 au 192,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 24. Kinachoongezeka bila ubishi ni uzito wa faili. Kama sikio nalo linapata nyongeza, hilo ni swali jingine.

Tuseme mtu ana nyimbo 500, kila moja ya dakika 5. Zikiwa AAC za kilobiti 256 kwa sekunde, zitachukua takriban gigabaiti 5. Zikiwekwa katika FLAC kwa ubora wa CD, ambayo ni mbano usiotupa chochote, zitafika kama gigabaiti 16. Zikiwa FLAC za 96/24 zitapita gigabaiti 50, na za 192/24 zitapita 100. Simu yenye nafasi ya gigabaiti 32 itabeba mkusanyiko wa kwanza na wa pili bila shida. Wa tatu hautaingia, na anayezipakua kwa bando atalipia kila baiti.

Jambo la kwanza la kujua ni kazi ya ile idadi ya vipimo. Wengi hudhani sauti ya dijiti ni kama ngazi, na kwamba kuongeza vipimo ni kupunguza kimo cha vidato mpaka mstari uwe laini. Sivyo ilivyo. Kanuni inayohusishwa na Harry Nyquist na Claude Shannon inasema kwamba wimbi lolote ambalo masafa yake hayafiki nusu ya idadi ya vipimo linaweza kurudishwa lote, bila pengo katikati ya kipimo na kipimo. Kifaa cha kucheza muziki kina kichujio kinacholirudisha wimbi hilo likiwa laini kabisa. Kwa hiyo vipimo 44,100 vinatosha kushika kila kitu kilicho chini ya hezi 22,050, na vipimo 96,000 haviboreshi chochote kilichokuwa chini ya mpaka huo. Vinachofanya ni kufungua nafasi mpya juu yake, hadi hezi 48,000.

Sikio la kijana mwenye afya hukoma karibu na hezi 20,000, na uwezo huo hushuka kwa umri. Wengi waliovuka miaka 40 hawafiki hata 16,000. Noti ya juu kabisa ya piano ina hezi 4,186 tu. Ni kweli kwamba matoazi na baadhi ya ala hutoa mitetemo ya juu zaidi ya hezi 20,000, na faili kubwa huihifadhi mitetemo hiyo kwa uaminifu mkubwa, lakini sikio la binadamu haliipokei. Popo angeifurahia.

Biti nazo zina hesabu yake. Kila biti moja huongeza takriban desibeli 6 kati ya mvumo hafifu wa chini kabisa wa rekodi na mlio wake mkubwa kuliko yote. Biti 16 hutoa desibeli 96, biti 24 hutoa 144. Chumba tulivu usiku kina kelele za kama desibeli 30. Ili msikilizaji aliye humo ausikie mvumo wa chini wa biti 16, ingebidi aongeze sauti mpaka milio mikubwa ya wimbo ifike karibu desibeli 126, kiwango kinachoumiza masikio. Ndani ya daladala, ambako injini, honi na mazungumzo vimeshajaza sehemu kubwa ya nafasi hiyo, hata uwezo wa biti 16 hautumiki wote. Na hakuna simu wala kigeuza sauti cha dukani kinachofikia desibeli 144 kwa vitendo. Vilivyo bora sana huishia kati ya 120 na 130.

Kisha kuna safari ya sauti kutoka kwenye faili hadi sikioni, na hapa ndipo msikilizaji wa kawaida hupoteza alicholipia bila kujua. Simu nyingi za Android huchanganya sauti zote za mfumo kwa vipimo 48,000 kwa sekunde, hivyo faili ya 96,000 hupunguzwa kabla haijatoka. Hedifoni zikiwa za blututhi, sauti hubanwa upya. Mfumo wa SBC, ambao karibu kila hedifoni ya namna hiyo inao, hupitisha takriban kilobiti 328 kwa sekunde. LDAC, wenye sifa kubwa, hufika 990. Faili ya 96/24 kabla ya kubanwa ina kilobiti 4,608 kwa sekunde. Mtu aliyejaza memori kadi kwa faili kubwa na kuzisikiliza kwa blututhi kwa kweli anasikiliza nakala iliyobanwa, na simu imeibana wakati huohuo anaposikiliza.

Hata kwa waya, hedifoni zenyewe zina makosa makubwa kuliko tofauti inayozungumziwa. Hedifoni za bei ya kawaida hupandisha baadhi ya masafa na kushusha mengine kwa desibeli kadhaa. Zile za kuchomeka masikioni zisipoziba vizuri, besi hutoroka, na mabadiliko hayo husikika na yeyote ndani ya sekunde moja. Vipira vya ukubwa sahihi, ambavyo mara nyingi huja bure ndani ya boksi, hubadilisha muziki kuliko gigabaiti 40 za ziada.

Haya yote yangebaki nadharia kama yasingejaribiwa. Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran wa Marekani walichapisha jaribio lililofanywa kwa rekodi za ubora wa juu katika diski za SACD na DVD-Audio. Sauti ile ile ilipitishwa wakati mwingine moja kwa moja, wakati mwingine kupitia kifaa kilichoishusha hadi ubora wa CD, na wasikilizaji walitakiwa kutambua ipi ni ipi. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Mtu anayerusha sarafu angepata kama hivyo. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, aliunganisha matokeo ya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,500, akapata kwamba majibu sahihi yalikuwa asilimia 52.3. Tofauti hiyo na nusu kwa nusu ni ndogo, ingawa kitakwimu ipo, na ilikuwa kubwa zaidi kwa wasikilizaji waliofundishwa kabla ya jaribio. Wanaoziuza faili hizi hupenda kuutaja utafiti wa Reiss, na wana haki. Ila asilimia 52 za maabara, pamoja na vifaa vya maabara, ni mbali sana na simu mfukoni.

Mbona basi watu wengi wakweli huapa kwamba wamesikia tofauti? Sababu moja ni sauti kuwa kubwa kidogo. Nakala mbili zikipishana hata kwa nusu desibeli, sikio haliitambui iliyo juu kuwa ni kubwa zaidi. Huiona kuwa safi zaidi. Sababu nyingine ni nzito zaidi: mara nyingi faili ya Hi-Res imetokana na mkono mwingine wa fundi mitambo. Albamu ya Death Magnetic ya kundi la Metallica, ya mwaka 2008, ilitolewa kwenye CD ikiwa imekandamizwa hadi milio mikubwa na midogo ikakaribia kuwa sawa, na kukwaruza kukasikika. Nyimbo hizohizo katika mchezo wa video wa Guitar Hero zilikuwa na pumzi, na mashabiki wakazipenda zaidi. Aliyesikia tofauti hiyo hakukosea, ila ilitokana na kazi ya fundi. Nakala nzuri ya aina hiyo ikishushwa hadi ubora wa CD hubaki nzuri.

Kwa hiyo jaribio la haki halilinganishi faili mbili zilizonunuliwa sehemu mbili. Huanza na faili moja kubwa, na ndogo hutengenezwa kutokana nayo. Programu ya bure ya SoX hufanya hivyo kwa mstari mmoja:

```
sox asili.flac -b 16 cd.flac rate -v 44100 dither
```

Neno la mwisho katika mstari huo huongeza mvumo hafifu sana unaozuia makosa ya kukata biti yasigeuke kuwa mkwaruzo. Faili mbili hizo zikishapatikana, huwekwa katika kifaa cha ABX cha programu ya foobar2000, ambacho huzificha na kumtaka msikilizaji aseme X ni A au B. Raundi 16 zinatosha. Mtu anayebahatisha tu hupata 12 au zaidi chini ya mara 4 katika kila mara 100; asiyefika 12 hana ushahidi kwamba anasikia chochote. Jaribio hilohilo likifanywa kwa MP3 ya kilobiti 128 dhidi ya CD, wengi huanza kufaulu, hasa kwenye matoazi na makofi.

Kuna pia faili zinazodai ukubwa zisizokuwa nao. Mtu huchukua rekodi ya CD, au hata MP3, akaiongezea vipimo na kuiita 96/24. Programu kama Spek huonyesha masafa ya wimbo kama picha. Rangi ikikatika ghafla karibu na hezi 22,000 kama iliyokatwa kwa rula, faili ilitoka kwenye CD. Ikikatika karibu na 16,000, kuna uwezekano mkubwa ilianza kuwa MP3 ya kilobiti 128. Lakini picha iliyofika juu si uthibitisho wa uzuri: juu ya hezi 20,000 mara nyingi kuna kelele za mitambo tu, na spika dhaifu zinaweza kuzichanganya zikazaa mkwaruzo ndani ya masafa yanayosikika. Hapo faili kubwa huwa mbaya zaidi kuliko ndogo.

Kwa muziki wa zamani hesabu ni kali zaidi. Santuri ambazo Siti binti Saad alirekodi Bombay kuanzia mwaka 1928 zina mkwaruzo wa sindano ulio juu kuliko mipaka yoyote ya biti 16, na kanda za sumaku zilizotumiwa na redio na studio za Afrika Mashariki katika miaka ya 1970 kwa kawaida hazikupita desibeli 70 hivi, kiasi ambacho biti 12 zingetosha kukibeba. Hata hivyo, anayezihamisha kanda hizo kwenye kompyuta hufanya vyema kutumia 96/24. Hajui bado mlio mkubwa uko wapi katika kanda, hivyo huacha nafasi ya juu bila kuogopa kuzama kwenye mvumo wa chini. Baadaye atasafisha, atapandisha na kushusha, na kila hatua ya kazi hula kidogo katika biti. Studio hutumia biti 24 kwa sababu hiyohiyo. Kazi ikiisha, nakala ya kazi hubaki kwenye hifadhi, na ile ya msikilizaji hutoka kwa 44,100 na biti 16: FLAC kwa anayetaka kuitunza na kuibadilisha baadaye, AAC ya kilobiti 256 kwa anayeiweka kwenye simu.