Chai Yenye Sumu na Mjane Aliyeshindwa Kesi

Alfajiri ya tarehe 1 Januari 1966, walinzi watatu wa usiku katika chuo kimoja cha London walikunywa chai, na baada ya muda mfupi wakaanza kutapika. Walijikokota hadi kitengo cha dharura cha hospitali. Muuguzi alimpigia simu daktari wa zamu, ambaye naye siku hiyo hakuwa mzima. Daktari hakushuka kuwaona. Aliagiza warudi nyumbani na kuwaita madaktari wao. Mchana huo mmoja wao, Barnett, akafariki. Ile chai ilikuwa na sumu ya arseniki. Mjane wake aliifungulia hospitali kesi ya madai, na akashindwa.

Matokeo hayo huwashangaza wengi, wakiwemo wanafunzi wa sheria ya madhara. Mwanafunzi akishamwona daktari aliyekataa kumpima mgonjwa, huandika kurasa mbili za kumlaumu, kisha huhitimisha kwamba fidia ilipwe. Amesahau kuuliza kama kosa hilo ndilo lililoua.

Tuifuate kesi hiyo kwa mpangilio ambao jibu la mtihani linapaswa kuufuata. Swali la kwanza ni kama mdaiwa alikuwa na wajibu wa uangalifu kwa mdai. Msingi wake ni kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson ya mwaka 1932, ambamo Lord Atkin alisema jirani yako kisheria ni yule unayepaswa kuona mapema kwamba kitendo chako kinaweza kumdhuru. Katika mahusiano yaliyozoeleka, kama ya dereva na mtembea kwa miguu, sentensi mbili zinatosha. Kwa Barnett palikuwa na hoja ya kweli, kwa kuwa hospitali haikuwa imempokea. Jaji Nield aliamua kwamba kitengo cha dharura kilicho wazi kina wajibu kwa mgonjwa aliyefika hapo akilalamika.

Swali la pili ni kama wajibu huo ulikiukwa. Daktari hupimwa kwa daktari mwenzake mwenye ujuzi wa kawaida wa kazi hiyo, kipimo kilichowekwa na kesi ya Bolam mwaka 1957. Jaji aliona kwamba alipaswa kumwona mgonjwa na kumpima. Ugonjwa wake mwenyewe haukumwokoa.

Hapo ndipo kesi ilipogeuka. Mahakama iliuliza: lau daktari angemwona, Barnett angepona? Ushahidi ulionyesha kwamba hata angelazwa, vipimo vingechukua saa kadhaa kabla arseniki haijatambuliwa, na dawa ya kuiondoa isingemfikia kwa wakati. Angekufa vilevile. Uzembe ulikuwepo, kifo kilikuwepo, lakini kamba ya kuviunganisha haikuwepo.

Mtahini anayeijua kesi hii hubadilisha jambo moja tu. Tuseme mgonjwa ameumwa na nyoka, daktari wa zamu anamrudisha nyumbani, na dawa ya sumu ya nyoka imo kabatini. Mwanafunzi lazima atafute katika swali nafasi ya kupona ilikuwa kiasi gani. Ikiwa ni asilimia 70, mdai amethibitisha chanzo, maana katika madai inatosha jambo liwe na uwezekano unaozidi nusu. Ikiwa ni asilimia 25, kesi ya Hotson ya mwaka 1987 inamkwamisha: kijana aliyeumia nyonga alinyimwa fidia ya nafasi ya kiasi hicho iliyopotea hospitalini. Naona uamuzi huo ni mgumu kwa wagonjwa, lakini jibu lazima lianze nao.

Umbali wa madhara huja baada ya chanzo kuthibitika, na ni kosa kuvichanganya. Hapa tunakubali kwamba mdaiwa alisababisha, kisha tunauliza kama awajibike kwa yote yaliyofuata. Mwaka 1951 meli ya Wagon Mound ilimwaga mafuta katika bandari ya Sydney, yakasambaa hadi gati ambako mafundi walikuwa wakichomelea vyuma. Yaliwaka, na gati likaungua. Mwaka 1961 Baraza la Faragha liliamua kwamba, kwa ushahidi uliotolewa, mdaiwa asingetarajia mafuta hayo yawake juu ya maji, kwa hiyo hakuwajibika kwa moto. Kinachotakiwa kutarajiwa ni aina ya madhara, si ukubwa wake. Kwa hiyo mgonjwa wetu wa nyoka akipoteza mguu mzima kwa sababu tayari alikuwa na kisukari, daktari hawezi kujitetea kwamba mtu mwenye afya angepoteza kidole tu.

Kwa mwanafunzi wa Tanzania kuna jambo moja zaidi. Sheria ya mapokezi iliweka tarehe 22 Julai 1920, na kesi zote nilizozitaja ni za baada ya hapo. Aziandike kama maamuzi yenye ushawishi, asiseme yanaifunga mahakama ya Dar es Salaam.