Bando imeisha na pesa haijulikani iko wapi: jinsi ya kupunguza ulaji wa data kwa simu yako

Tuchukue mfano wa mama mboga wa Githurai. Saa kumi na mbili asubuhi amenunua bando ya MB 100 ya siku nzima. Saa nne anataka kumlipa mwenye gari aliyeleta sukuma kutoka Kinangop. Anafungua apu, anaweka kiasi, anaweka PIN, kisha kile kiduara kinazunguka tu. Kumbe bando imeisha. Mwenye gari anangoja, na mama hajui kama pesa imetoka au bado. Anaazima hotspoti ya jirani, anatuma tena. Dakika mbili baadaye meseji mbili zinaingia: amelipa mara mbili.

Hapa kuna mambo mawili ya kuelewa. La kwanza, bando ya MB 100 ilienda wapi kabla ya saa nne? La pili, ufanye nini data ikikatika katikati ya malipo?

Tafuta mlaji kwanza

Kabla ya kufuta apu yoyote, angalia nani anakula. Kwa simu nyingi za Android, iwe Tecno, Itel, Infinix au Samsung, fungua Settings, kisha Network & internet au Connections, halafu utafute Data usage. Majina hutofautiana kidogo kati ya simu na simu, lakini orodha ni ile ile: apu zako zikiwa zimepangwa kuanzia ile iliyokula zaidi.

Tuseme kwa simu ya mama yetu orodha inasoma hivi: Google Play Store MB 62, apu ya video MB 24, WhatsApp MB 9, apu yetu ya pesa MB 1.4, na nyingine ndogo ndogo zikijaza MB 3.6 zilizobaki.

Ukisoma haraka utasema apu ya pesa haina makosa. Si kweli kabisa. Apu inapojisasisha, data hiyo kwa kawaida haihesabiwi kwa jina la apu. Huhesabiwa kwa jina la Google Play Store, kwa sababu Play Store ndiyo inayoipakua. Kwa hiyo katika zile MB 62, huenda 40 zilikuwa sasisho la apu yetu, na 22 za apu nyingine ambayo mama haifungui hata mara moja kwa mwezi.

Sasa linganisha. Kuangalia salio au kutuma pesa ni ujumbe mfupi unaoenda kwa mtambo na jibu fupi linalorudi. Tuseme kila ukifungua apu na kufanya muamala unatumia KB 50. Ukifanya hivyo mara ishirini kwa siku, ni KB 1,000, yaani kama MB moja. Sasisho moja la MB 40 ni sawa na siku arobaini za kufanya biashara. Ndio maana kupunguza idadi ya miamala ili "kuokoa data" hakusaidii sana. Mlaji yuko kwingine.

Mwambie Play Store angoje waifai

Fungua Play Store, bonyeza picha yako juu kulia, ingia Settings, kisha Network preferences, halafu Auto-update apps. Ukikuta inaruhusu data ya simu, badilisha iwe Over Wi-Fi only. Hapo hapo kuna App download preference. Chagua waifai pekee au iwe inakuuliza kwanza.

Kuna mtego mmoja. Simu yako inaweza kuona hotspoti ya jirani kama waifai tu. Ukijiunga nayo, Play Store inaweza kuanza kusasisha kila kitu, na bando ya jirani inaisha mkiangaliana. Ili kuzuia hilo, ukiwa umeunganishwa, bonyeza jina la hiyo hotspoti kwenye Settings za waifai, tafuta Metered au Network usage, na uchague Treat as metered. Simu itaelewa kwamba data hiyo inalipiwa.

Usizime masasisho kabisa. Toleo la zamani sana la apu ya pesa hufika siku likakataa kufunguka, kwa sababu milango ya usalama ya zamani hufungwa. Siku hiyo itakupata ukiwa stendi, huna waifai, na unahitaji kulipa nauli. Njia nzuri ni kusasisha apu ya pesa peke yake, mara moja au mbili kwa mwezi, ukiwa mahali penye waifai. Play Store inaweza kupakua sehemu zilizobadilika tu badala ya apu nzima, kwa hiyo aliyesasisha majuzi mara nyingi hutumia data kidogo kuliko aliyekaa mwaka mzima.

Nafasi ndani ya simu, na kosa la kufuta kila siku

Simu ya GB 16 haikupi GB 16. Mfumo wenyewe wa simu unachukua sehemu kubwa, kisha picha na video za magrupu ya WhatsApp zinajaza iliyobaki. Apu inayopakuliwa kwa MB 40 ikishafunguliwa ndani ya simu hukua, na wakati wa kusasisha simu inahitaji nafasi ya ziada ya kuweka toleo jipya kabla ya kuondoa la zamani. Ndio maana unaweza kuwa na MB 100 zimebaki na bado sasisho la MB 40 likakataa. Likikataa katikati, data uliyotumia imepotea bure, na simu inaweza kujaribu tena baadaye.

Hapo ndipo watu wengi huweka apu za "kusafisha simu" zinazofuta Cache kila jioni. Cache ni vitu ambavyo apu imeshapakua na kuviweka karibu: alama, picha, mabango. Ukivifuta, apu haina budi kuvipakua tena kesho. Tuseme ni MB 3. Ukifuta kila siku, kwa mwezi umelipia MB 90 za picha zile zile, karibu bando nzima ya mama yetu. Futa cache tu wakati nafasi imebana kweli au apu inasumbua, si kama kuoga. Ukitaka nafasi, anza na video za WhatsApp.

Ukiwa kwenye Storage ya apu utaona pia Clear storage au Clear data. Hiyo ni kitu kingine. Inafuta hadi usajili wako kwenye apu, na itabidi uthibitishe namba yako upya. Pesa zako haziendi popote, kwa sababu haziko ndani ya simu, ziko kwenye akaunti yako kwetu. Lakini usibonyeze hapo ukiwa kwa foleni ya kulipa.

Zima ulaji wa kichinichini

Rudi kwenye orodha ya Data usage na ubonyeze apu inayokula sana. Utaona Foreground, yaani data iliyotumika ukiwa unaitazama, na Background, iliyotumika ikiwa imefichwa. Apu ya video ikionyesha Background kubwa, zima Background data yake. Ukitaka kuzima kwa wote kwa pamoja, washa Data Saver.

Kuna gharama yake: arifa za apu zitachelewa, pamoja na zetu. Meseji ya kawaida ya kuthibitisha malipo haiathiriki kwa sababu haitumii data. Hata hivyo, kama wewe ni muuzaji, usimwachie mteja mzigo kwa kuangalia meseji pekee, maana meseji feki zipo. Angalia salio lako.

Data ikikatika katikati ya malipo

Turudi kwa mama yetu. Ukibonyeza kutuma, ombi linaenda kwetu, tunalitekeleza, kisha jibu linarudi. Data ikiisha baada ya ombi kufika lakini kabla ya jibu kurudi, pesa imetoka ingawa skrini yako bado inazunguka. Ikiisha kabla ombi halijafika, pesa haijatoka. Kwa macho yako hali zote mbili zinafanana.

Kwa hiyo usirudie. Funga apu, kisha tumia menyu ya USSD, ile ya kupiga namba inayoanza na nyota na kuishia na reli. USSD haitumii bando hata kidogo, inapita kwenye mtandao wa kawaida wa simu, na inafanya kazi hata kwa kabambe. Angalia salio. Likiwa limepungua, malipo yamepita. Mwonyeshe unayemlipa meseji ikifika, naye aangalie salio lake. Likiwa halijapungua, ngoja dakika chache, angalia tena, ndipo utume upya kwa USSD hiyo hiyo.

USSD nayo ina mipaka. Ukikawia kujibu inakatika, na mtandao ukiwa hafifu haifunguki. Ikikatika baada ya kuweka PIN, sheria ni ile ile: salio kwanza, kurudia baadaye.

Jihadhari na "apu ndogo"

Kwa sababu data ni ghali, kuna watu wanatuma faili za APK kwa WhatsApp au Bluetooth wakisema ni "toleo jepesi lisilokula bando". Usiziweke. Play Store hukagua kwamba sasisho limetiwa sahihi na mtengenezaji yule yule, lakini faili uliyotumiwa na mtu inaweza kuwa na skrini inayofanana na yetu, na kazi yake ikawa kuchukua PIN yako na kusoma meseji zako. Hata ikiwa mtumaji ni rafiki mwema, apu nyingi siku hizi hupakuliwa kwa vipande vinavyofaa simu husika, kwa hiyo kilichotolewa kwenye simu yake huenda kikakataa kufunguka kwenye yako. Ukikosa nafasi au data ya kupakua apu, USSD ndiyo toleo letu jepesi, na hauhitaji kuipakua.

Leo jioni, fungua Data usage uandike namba ya Play Store na ya apu ya pesa. Badilisha ile Auto-update apps, kisha uangalie tena baada ya wiki moja. Kama namba ya Play Store imepanda sana, rudi uhakikishe Auto-update apps na App download preference haziruhusu data ya simu.